Rufaa ya viza ya kazi iliyokataliwa: ahadi ya kurudi nyumbani haijibu chochote

*Bwana Wakili, mimi ni fundi wa magari makubwa hapa Lubumbashi, nina miaka 34. Gereji moja ya malori karibu na Lyon imenipa mkataba wa kazi usio na kikomo, na mwajiri amekwisha kupata idhini ya kazi kwa jina langu. Hata hivyo ubalozi wa Ufaransa Kinshasa umeninyima viza. Karatasi imeandikwa tarehe 4 Machi, nami nimeipokea mkononi tarehe 11. Imetiwa alama kwenye sababu mbili: kwamba habari nilizotoa juu ya masharti ya kukaa kwangu hazikukamilika au haziaminiki, na kwamba kuna hatari ya viza kutumiwa kwa lengo lingine. Diploma yangu ya Serikali ni ya biolojia na kemia. Ufundi niliujifunza kazini, miaka mitano katika gereji ndogo ya Katuba, halafu miaka mitatu katika kampuni inayofanya kazi za migodi kwa mkataba. Nimekwisha kuandaa barua ya kurasa mbili inayoeleza kwamba nina mke na watoto wawili na kwamba naahidi kurudi. Nimekutumia nakala ya dosye yote. Je, barua hii niitume?*

Ndugu, usiitume. Nimeisoma pamoja na dosye, na naona kwamba barua yako inajibu shtaka ambalo hukushtakiwa. Ahadi ya kurudi, ikitanguliwa na habari za mke, watoto na nyumba, inafaa kwa mtu aliyenyimwa viza fupi ya Shengeni, kwa sababu huyo huulizwa kama ataondoka kabla ya siku zake 90 kwisha. Wewe umeomba viza ndefu ya mfanyakazi kwa mkataba usio na kikomo, na hakuna anayekutazamia uondoke baada ya miezi mitatu. Ukiapa kwamba utarudi, msomaji wa tume ya rufaa iliyoko Nantes, Ufaransa, atajiuliza ni kwa nini mtu aliyeajiriwa bila kikomo anajitetea kwa kusema kwamba hatakaa, na hapo utakuwa umeiongezea nguvu ile sababu ya pili badala ya kuiondoa.

Kabla sijaingia katika sababu zenyewe, niseme barua inakokwenda na siku ulizo nazo. Viza ndefu ya Ufaransa inapokataliwa, rufaa haipelekwi kwa balozi wala mahakamani moja kwa moja, bali kwa tume iliyoko Nantes. Kupita kwenye tume hiyo ni lazima, kiasi kwamba mahakama itaitupa kesi ya mtu aliyeiruka. Muda ni siku 30 tangu ulipoarifiwa. Zamani ulikuwa miezi miwili, na bado wako watu mjini wanaoshauri kwa hesabu hiyo ya zamani, ilhali ilibadilishwa kuanzia Januari 2023. Kisheria siku zako zinahesabiwa tangu tarehe 11 Machi, yaani zinafika tarehe 10 Aprili, lakini huenda ukahitaji kuonyesha kwamba uliipokea siku hiyo. Kwa hiyo tunza bahasha na risiti ya kupokelea, kisha ujiwekee hesabu yako tangu tarehe 4, ambayo inaishia tarehe 3 Aprili, ili mtu asipate la kubishana nawe.

Anwani ni hii, nayo huandikwa kwenye bahasha kama ilivyo:

```
Commission de recours contre les décisions
de refus de visa d'entrée en France
BP 83609
44036 Nantes Cedex 1
```

Angalia kwamba ni sanduku la posta. Kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi, ambazo ndizo tunazozitegemea Lubumbashi, kwa kawaida hazifikishi mzigo kwenye sanduku la posta, na nimeona bahasha ikirudi baada ya wiki tatu, muda ukiwa umekwisha. Njia iliyo salama ni hii: saini barua mwenyewe kwa kalamu, mtumie mwajiri wako wa karibu na Lyon kwa kampuni ya vifurushi, naye aipeleke posta ya kwao kama barua iliyosajiliwa yenye hati ya kuthibitisha kupokelewa. Mpe nafasi ya kutosha, yaani bahasha iondoke Lubumbashi kabla ya tarehe 22 Machi. Mwajiri aitume tu, asiisaini kwa niaba yako, kwa maana rufaa ni ya mtu aliyenyimwa au ya mwakilishi mwenye idhini rasmi. Barua iwe kwa Kifaransa, na kuipeleka hakulipiwi chochote.

Sasa tuje kwenye sababu ya kwanza. Maneno kwamba habari «hazikukamilika au haziaminiki» ni ya fomu, huwekwa alama kwa watu wengi, na hayasemi ni habari ipi. Ndiyo maana wengi hujibu kwa maneno yaliyo mapana kama hayo, wakiandika kwamba habari zao zote ni za kweli. Kazi yako ni kurudi kwenye dosye uliyoiweka na kuisoma kwa macho ya afisa asiyekujua, ukitafuta mahali karatasi mbili zinapopishana. Mimi nimeifanya hivyo jioni moja na nimepata mahali patatu.

Pa kwanza ni hesabu ya miaka. Wasifu wako unasema miaka minane ya ufundi, cheti cha utumishi kilichomo kinasema mitatu, na juu ya mitano iliyobaki hakuna hata karatasi moja. Afisa hawezi kujua kwamba kule Katuba kijana hujifunza ufundi chini ya lori akiwa na mwalimu wake, bila mkataba na bila mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS. Yeye anaona miaka mitano hewani.

Pa pili ni masomo. Diploma ya biolojia na kemia imewekwa mbele ya kazi ya ufundi wa injini za dizeli, na kati ya hizo mbili hukuweka daraja lolote. Daraja lilikuwapo, tena mkononi mwako: katika barua pepe yako umenitajia kama jambo dogo kwamba ulifuata mafunzo ya mekanika ya dizeli katika taasisi ya mafunzo ya kazi, INPP. Ndugu, cheti hicho kimetolewa na taasisi ya Serikali, kina jina la fani, tarehe na muhuri, nacho kilikuwa na uzito kuliko diploma yenyewe. Kukiacha nyumbani ndiko kulikokuumiza kuliko yote.

Pa tatu ni jina lako. Pasipoti inayo majina yote matatu, yaani jina, jina la pili na jina la ubatizo, lakini hati za mshahara zina mawili tu, na kwa mpangilio mwingine. Sisi Wakongo hatulioni hilo kama tatizo, kwa kuwa kila mmoja wetu ana karatasi za namna hiyo. Anayesoma ng'ambo anaweza kudhani kwamba mishahara ni ya mtu mwingine.

Kila moja ya mahali hapo inajibiwa kwa karatasi yake. Kwa miaka mitatu ya kampuni unayo mkataba na hati 31 za mshahara kati ya 36. Usizifiche zile tano zinazokosekana. Omba benki ikutolee taarifa ya akaunti ya miezi hiyo, ambamo mshahara uliingia, na uzungushie mistari mitano husika kwa kalamu. Nenda pia CNSS ukaombe taarifa ya michango iliyolipwa kwa jina lako, kwa sababu hiyo haitoki kwako wala kwa mwajiri, na karatasi inayotoka kwa mtu wa tatu ndiyo inayoaminiwa haraka zaidi. Kuhusu jina, ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ikuandikie cheti kwamba majina hayo ya aina mbili ni ya mtu mmoja, ikitaja nambari yako ya kazi inayoonekana kwenye kila hati ya mshahara.

Cheti cha utumishi chenyewe nakushauri ukiombe upya. Kile ulichonacho kina mistari minne, kinasema kwamba ulikuwa mfanyakazi mwenye bidii, na kimesainiwa bila cheo. Kinachohitajika ni kitu kikavu zaidi: tarehe ya kuanza na ya kuacha, cheo, aina za magari na injini ulizozishughulikia, kazi ulizozifanya kwa mkono wako (kufungua na kufunga sanduku la gia, kurekebisha breki za hewa, kusoma hitilafu kwa mashine), jina na cheo cha anayesaini, simu ya ofisi, na juu ya karatasi nambari za kampuni: ya daftari la biashara, RCCM, ya utambulisho wa kitaifa, Id. Nat., na ya kodi. Kisha weka karatasi hiyo kando ya maelezo ya kazi yaliyomo katika mkataba wa Lyon, utazame kama maneno yanakutana. Mkataba wako unataja mara mbili matengenezo ya breki na ya gia, nawe umezifanya kazi hizo miaka mitatu, lakini cheti chako hakikuzitaja popote.

Miaka mitano ya Katuba ni migumu zaidi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kutakuwa na mtu atakayekuambia kwamba cheti cha kampuni yoyote kinapatikana kwa dola chache, kimegongwa muhuri. Usithubutu. Dosye yako ya kwanza iko mikononi mwa ubalozi, nao huweza kutoa maelezo yake kwa tume, hivyo wasifu wa zamani na karatasi mpya zitalala juu ya meza moja. Cheti kimoja cha uongo kinazivuta shimoni hata zile hati 31 za kweli. Sema jambo kama lilivyokuwa: gereji ilikuwa ndogo, haikuandikishwa CNSS, ulilipwa taslimu. Halafu mwenye gereji aandike tamko lenye tarehe, asaini, aambatishe nakala ya kadi yake ya mpiga kura na ya patenti yake ya biashara, na kama kuna wateja wawili wenye malori waliokufahamu tangu wakati huo, kila mmoja aandike lake kwa maneno yake mwenyewe. Matamko matatu yenye sentensi zilezile huonekana yametoka katika mkono mmoja. Picha zako ukiwa na ovaroli chini ya lori zinaweza kufuata mwishoni, mbili au tatu, lakini zisibebeshwe hoja, kwa kuwa picha haisemi ni lini wala kwa muda gani.

Sababu ya pili, ile ya viza kutumiwa kwa lengo lingine, watu huichukua kama tusi na kuijibu kwa hasira. Katika dosye ya mfanyakazi ina maana yake mahususi: afisa anashuku kwamba kazi ni kisingizio tu cha kuingia nchini. Utaniuliza inawezekanaje, ilhali idara ya Ufaransa yenyewe imetoa idhini ya kazi. Inawezekana, kwa sababu idhini ile huchunguza zaidi upande wa mwajiri, yaani hali ya kampuni, mshahara na soko la kazi la kwao, na mahakama za Ufaransa zimekubali kwamba ubalozi unaweza kumnyima viza mtu mwenye idhini halali endapo ujuzi wake haulingani na kazi aliyopewa. Kwa hiyo usiandike kwamba idhini inamlazimisha balozi kutoa viza. Hailazimishi, na sentensi hiyo huwaonyesha kwamba hukuelewa unachopinga. Itaje idhini hiyo kwa ufupi, kisha uende kwenye ulinganifu wa ujuzi wako na kazi.

Utaona basi kwamba sababu hizi mbili zina mzizi mmoja. Ukiondoa shaka juu ya ufundi wako, shaka ya kisingizio inabaki bila mguu wa kusimamia, isipokuwa swali moja: mwenye gereji karibu na Lyon alimpataje fundi wa Lubumbashi? Hilo ni swali la haki, na katika dosye yako halina jibu. Ni mwajiri anayepaswa kulijibu, kwa barua yake yenye tarehe. Aeleze alitangaza nafasi lini na wapi. Kama kazi yenyewe haimo katika orodha ya kazi zenye upungufu wa watu, sheria ilimtaka atangaze kwa wiki tatu kabla ya kuomba idhini, kwa hiyo uthibitisho wa tangazo anao na auambatishe. Aeleze alizungumza nawe kwa video mara ngapi, alikuuliza nini juu ya injini, na kwa nini aliridhika. Umenieleza kwamba aliyewakutanisha ni binamu yako anayefanya kazi hapohapo. Liseme waziwazi. Kupendekezwa na ndugu si kosa, ila kulificha jambo hilo na likagunduliwa baadaye ndiko kunakogeuka kuwa hila.

Barua hiyohiyo ya mwajiri ina kazi nyingine ambayo karibu kila mtu huisahau. Mkataba wako unasema uanze kazi tarehe 1 Aprili. Tume itakapoisoma dosye, tarehe hiyo itakuwa imekwisha kupita, na msomaji anaweza kuona kwamba kazi haipo tena. Mwajiri athibitishe kwamba nafasi bado ni yako, kwa mshahara uleule, na kwamba utaanza mara tu viza itakapotolewa.

Barua yako ya rufaa isizidi kurasa mbili, nayo iende kwa mpangilio wa karatasi ya kukataliwa, wala isifuate mpangilio wa maisha yako. Juu weka majina yako kama yalivyo katika pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, anwani, nambari ya ombi la viza, tarehe ya uamuzi na tarehe ulipoupokea. Sentensi ya kwanza iseme unachoomba: kwamba uamuzi wa tarehe 4 Machi upitiwe upya na viza ya mfanyakazi itolewe. Kisha ujibu. Nakuandikia hapa kwa Kiswahili namna aya ya kwanza inavyoweza kukaa, ili uipeleke katika Kifaransa kwa maneno yako:

«Kuhusu sababu ya kwanza. Wasifu wangu ulitaja miaka minane ya ufundi, ilhali dosye ilikuwa na cheti cha miaka mitatu tu. Tofauti hiyo inatokana na kwamba miaka mitano ya kwanza niliifanya katika gereji isiyoandikishwa katika hifadhi ya jamii, na sikuwa nimeweka uthibitisho wake. Ninauambatisha sasa: tamko la mwenye gereji, kadi yake na patenti yake (kielelezo 6), na matamko ya wateja wawili (kielelezo 7). Miaka mitatu iliyofuata inathibitishwa na mkataba, hati 31 za mshahara, taarifa ya benki kwa miezi mitano isiyo na hati, na taarifa ya michango ya CNSS (vielelezo 8 hadi 11).»

Unaona kwamba aya hiyo inakiri upungufu kabla ya kuujaza, na haina hata neno moja la kulalamika. Aya ya masomo ifuate kwa namna hiyohiyo, ikieleza kwamba baada ya diploma ulihamia ufundi, ukasoma INPP, na cheti ni kielelezo 5. Halafu jina. Halafu sababu ya pili, ambayo itakuwa fupi kwa kuwa mzigo wake umebebwa na barua ya mwajiri. Mke na watoto wanaweza kutajwa katika sentensi moja inayoeleza hali yako, basi.

Vielelezo vipewe nambari juu kulia kwa kalamu nyekundu, na karatasi ya mbele iwe na orodha yao. Tuma nakala, asili zibaki nyumbani. Weka pia nakala ya pasipoti na nakala ya karatasi ya kukataliwa, maana bila hiyo tume haijui unapinga uamuzi gani. Katika dosye zilizowahi kupita mezani kwangu, ilikuwamo moja ya karatasi 94 zisizo na nambari wala orodha, na cheti kilichoweza kumwokoa mwenyewe kilikuwa kimejibanza kati ya picha za arusi.

Baada ya kutuma, subiri hati ya kupokelewa. Tume haitoi viza yenyewe: inaweza kukataa, au kupendekeza kwa mawaziri wa Mambo ya Nje na wa Mambo ya Ndani kwamba viza itolewe, na hapo ubalozi utakuita. Ikikaa kimya miezi miwili, kimya hicho ni kukataa kwa sababu zilezile. Ikiwa barua itafika Nantes tarehe 27 Machi, basi tarehe 27 Mei bila jibu inahesabiwa kuwa jibu. Kuanzia hapo mlango unaobaki ni mahakama ya utawala ya Nantes, ambayo hufunguliwa kesi ndani ya miezi miwili. Anayeishi nje ya Ufaransa huongezewa miezi miwili mingine, lakini usiipange safari yako kwa nyongeza hiyo. Kinachoshtakiwa mahakamani si tena uamuzi wa balozi bali ule wa tume, kwa maana huo umechukua nafasi yake, na ndiyo sababu karatasi nzuri zinapaswa kuingia sasa.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua pepe, kama ni afadhali kuomba viza upya Kinshasa. Inaruhusiwa, lakini ombi jipya halisimamishi zile siku 30. Kwa dosye yako ningetuma rufaa kwanza. Ukiomba upya baadaye, tumia wasifu uleule uliosahihishwa na vielelezo vilevile, neno kwa neno. Kwa wiki hii anza na CNSS, kwa sababu ofisi hiyo ndiyo itakayokuchukulia siku nyingi, na mpigie mwajiri leo jioni kuhusu ile barua yake.